Kisigino Hakiguswi

Kwa miaka ishirini Deusdedit alifunga plasta miguu ya watoto wachanga, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba anabonyeza mahali sipo. Watu wazima hawakujua, na watoto wenyewe hawakuwa na kauli.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Kilikuwa na meza moja, mabeseni mawili na kabati la bandeji za jasi. Aliyevunjika mkono alipelekwa kwake. Aliyevunjika paja alipelekwa kwake pia, kwa machela. Na mtoto akizaliwa na nyayo za kupinda, zile zinazogeuka ndani mpaka zinatazamana kama watu wawili wanaotetana, naye aliletwa kwa Mzee Deus. Alimfunga mpaka chini ya goti, akambadilishia kila baada ya wiki mbili, miezi sita, saba. Wengine walinyooka nusu. Wengine walipelekwa Mwanza kupasuliwa. Waliobaki walirudi kwao na mguu uleule, umechoka tu.

Septemba ya mwaka 1997 alikuja Daktari Mamta. Alizaliwa hapohapo mjini, baba yake ana duka la vitambaa, na alizungumza Kisukuma cha dukani vizuri kumpita Deus, ambaye ni Mhaya na miaka ishirini haikumsaidia. Alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na bahasha ya kurasa zilizotolewa nakala, zenye picha za nyayo.

Siku ya tatu aliingia chumba cha plasta, akaweka picha moja mezani.

"Mzee Deus, shikamoo."

"Marahaba, Daktari."

"Mguu kama huu, kidole gumba chako unakiweka wapi?"

Deus aliweka kidole kwenye ukingo wa nje wa unyayo, katikati, pale alipokiweka siku zote. "Hapa. Halafu mbele nausukuma utoke nje, na kisigino nakivuta."

"Hapo ndipo unapofunga mlango," alisema Daktari. "Mfupa wa kisigino unataka kuzunguka chini ya huu mfupa wa kifundo. Wewe umeubana usizunguke, halafu unauvuta uzunguke."

Deus aliitazama picha. "Watoto wangu wamenyooka."

"Wangapi?"

Alifikiri kwa haki kabisa. "Wapo," alisema.

Wiki iliyofuata aliingia Mbuke, amembeba mtoto wa siku tisa. Nyuma yake alikuja mume wake, Jilala, mchimbaji wa dhahabu kutoka Nyarugusu, mwanamume mwenye mabega mapana ambaye alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeambiwa benchi ni la kuazima. Mtoto aliitwa Bujiku, jina la babu yake. Nyayo zote mbili zilikuwa zimepinda.

"Mama yangu anasema ni kamba ya ng'ombe," Jilala alieleza. "Mke wangu aliiruka akiwa mjamzito."

"Sikuiruka," alisema Mbuke. "Niliizunguka."

"Si kamba," alisema Daktari Mamta. "Hakuna alichokosea mtu. Njooni muone."

Alimlaza mtoto mezani akaushika mguu wa kulia kwa vidole viwili. Akawaonyesha kwamba tatizo si moja, ni manne yaliyokaa pamoja kama wapangaji. Kwanza, upinde wa unyayo ulikuwa umejikunja, kuna mkunjo mzito katikati. Pili, nusu ya mbele ya unyayo ilikuwa imegeukia ndani. Tatu, kisigino chenyewe kililalia ndani. Nne, unyayo wote ulining'inia, kisigino kimepanda juu na vidole vinaelekea chini, kwa sababu kano ya nyuma ni fupi.

"Tunawatoa kwa zamu," alisema. "Upinde kwanza. Kisha hiyo mbele na kisigino, vinakuja pamoja. Huku kuning'inia ni mwisho kabisa. Mtu akianza na la mwisho, akausukuma unyayo juu kwa nguvu, unavunjika katikati na kuwa kama mguu wa kiti cha kubembea."

Deus alikuwa amewahi kuviona viti hivyo.

Plasta ya kwanza Daktari aliielekeza mwenyewe. Deus alitaka kuugeuza unyayo utazame nje, kama alivyozoea. Daktari akamzuia mkono. "La. Mbele imepinda kuliko nyuma. Ukiigeuza nje unazidisha upinde. Inua upande wa kidole gumba cha mguu, mbele ilingane na nyuma. Acha unyayo wote utazame ndani hivyohivyo."

Ukafungwa hivyohivyo. Pamba nyembamba, kisha jasi mpaka chini ya goti, kisha goti likakunjwa pembe mraba na jasi ikapanda mpaka kwenye nyonga. "Ya chini ya goti inachomoka kama soksi," alisema Daktari, "na hata isipochomoka, mguu unajizungusha ndani yake. Vidole viachwe wazi. Mama Bujiku, vitazame kila ukinyonyesha. Vikipoa, vikibadilika rangi, au ukiona vimeingia ndani ya plasta, usisubiri siku yako. Njoo."

Jilala alisimama akaitazama kazi. Plasta ilikuwa nyeupe na safi, na nyayo zilitazama juu na ndani zaidi ya zilivyokuwa asubuhi.

"Mmeuzidisha," alisema.

"Kwa wiki hii, ndiyo," alisema Daktari Mamta.

Jilala alimgeukia Deus, mwanamume kwa mwanamume. Deus akajishughulisha na beseni, kwa sababu moyoni aliona vilevile.

Nyarugusu ni mbali, na mvua za Elnino zilikuwa zimeshaanza kula barabara. Mbuke akabaki hapo mjini, Ngokolo, kwa shangazi yake. Jilala naye angerudi kwenye duara lake, shimo alilochimba kwa zamu na wenzake watano, lakini hakurudi. Alisema anasubiri kuona.

Wiki ya pili Daktari alikuwa amekwama Kahama, daraja limeondoka. Alituma ujumbe kwa redio ya misheni: Mzee Deus aendelee, kurasa ziko kabatini. Basi Deus akaendelea. Alizitoa kurasa akazibandika ukutani kwa plasta ya vidonda. Mbuke alikuwa ameambiwa asiziloweke plasta nyumbani, zitolewe hospitalini muda uleule zinapobadilishwa, kwa sababu mguu ulioachwa huru usiku mmoja hurudi ulikotoka. Deus aliziloweka mwenyewe, akazivua taratibu.

Alitazama. Ule mkunjo katikati ya unyayo ulikuwa umeondoka. Upinde ulikuwa upinde wa kawaida, kama wa mtoto yeyote. Wiki moja. Kwa njia yake, upinde ule ulikuwa kitu cha kusubiri miezi, na mara nyingi kusubiri bure.

"Sasa?" aliuliza Jilala, amesimama juu yake.

"Sasa tunauzungusha nje," alisema Deus.

Akaushika mguu. Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye ukingo wa nje wa unyayo, kama punda anayejua njia ya kisimani. Akausukuma mbele utoke nje. Ukaenda kidogo, ukagoma. Mtoto akakunja uso. Deus aliujua ugomaji ule. Alikuwa ameusikia kwa miaka ishirini, na siku zote aliuchukulia kuwa ni ukaidi wa mguu.

Akatazama ukutani. Akaachia. Kwa ncha ya kidole akatafuta, juu kidogo na nyuma ya pale alipozoea, mbele ya kifundo cha nje. Pakawa na kinundu kigumu chini ya ngozi: kichwa cha ule mfupa wa kifundo. Akakiegemeza hapo kidole gumba, si kwa nguvu, kwa namna ya kumzuia mtu mlangoni kwa adabu. Kwa mkono mwingine akauzungusha unyayo mzima kuelekea nje, ukiwa bado umelala vilevile, bila kuubinua. Kisigino hakukigusa.

Mguu ukaenda. Na kisigino, ambacho hakuna aliyekigusa, kikaanza kugeuka chenyewe kufuata.

Deus alisimama na mguu ule mkononi muda mrefu kiasi kwamba Mbuke aliuliza, "Kuna nini?"

"Hakuna," alisema Deus. "Unakwenda."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Ndiyo."

Akaushikilia dakika nzima, akaachia, akarudia, kisha akaufunga ukiwa pale ulipofika bila kulazimishwa. Jilala alikunja mikono kifuani. "Leo umefanya tofauti," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaanza vibaya, ukaacha."

"Ndiyo," alisema Deus. Hakuwa amezoea wachimbaji wenye macho, lakini mtu anayetafuta uzi wa dhahabu kwenye jiwe kwa mwanga wa tochi huona mambo mengi.

Jioni hiyo, kabla ya kufunga chumba, alikwenda kwa dobi. Dobi wa hospitali alikuwa Klara, msichana wa miaka kumi na tisa aliyefua na kupiga pasi mashuka yote ya hospitali. Mguu wake wa kulia ulikuwa mgumu, na aliukanyagia ubavu wa nje. Alipasuliwa mara mbili akiwa mdogo. Kabla ya kupasuliwa, alifungwa plasta miezi minane, na aliyemfunga ni Deus. Walikuwa wakisalimiana kila asubuhi kwa miaka mitatu bila kulitaja jambo hilo.

"Klara," alisema, "unajua nilikufunga mimi?"

"Najua. Mama aliniambia."

"Nilibonyeza hapa." Akaonyesha kwenye kiatu chake mwenyewe. "Ilitakiwa hapa."

Klara aliweka pasi pembeni, akainama kutazama kiatu. "Ni umbali gani?"

"Kwa mtoto, kama sentimita moja."

"Sentimita moja."

"Sikujua. Nimejua leo saa nne."

Klara alikipima kiatu kile kwa macho. "Haya," alisema, akachukua pasi.

Siku ya pili yake mashuka ya chumba cha plasta yalikuja hayajapigwa pasi. Wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Deus hakulalamika. Aliyatandika kama yalivyo.

Kazi ikaendelea. Plasta ya tatu, ya nne, ya tano. Kila wiki unyayo ulizunguka nje kidogo zaidi, mpaka ukapita mstari wa kawaida, ukatazama nje kama mtu anayeonyesha njia. Jilala akaanza tena kuwa na wasiwasi, sasa kwamba mtoto atatembea kama bata. Daktari Mamta, ambaye alirudi wiki ya tatu kwa trekta, alieleza kwamba mguu huu hupenda kurudi ndani, kwa hiyo hupewa ziada. Jilala alisema hata wao wakiweka mihimili ya shimo huweka ziada. Hapo walielewana.

Baada ya plasta ya tano mambo matatu yalikuwa yamekwisha. Upinde, mbele, kisigino. Limebaki la nne: unyayo bado ulining'inia.

"Hili plasta hailiwezi," alisema Daktari. "Kano ya kisigino ni fupi na ngumu. Nitaikata."

"Kuikata?" alisema Jilala. "Ile inayoshika mguu?"

"Ndiyo. Mtoto mchanga huiotesha upya, ndefu, kwa wiki tatu."

Jilala alitazama ukutani. "Ng'ombe ukimkata hapo hainuki."

"Ng'ombe ni mkubwa," alisema Deus. "Na hafungwi plasta."

Ndivyo alivyomtetea Daktari, na hakuwa na hoja nyingine. Mbuke ndiye aliyeamua. Alimkabidhi mtoto kwa Daktari akasema, "Kata," akamshika mumewe mkono.

Ikafanyikia hapohapo mezani. Sindano ndogo ya ganzi, kisha kisu chembamba kikaingia nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Deus alikuwa ameushikilia unyayo kwa kuuinua. Alisikia mkononi kitu kama uzi unaokatika, mguu ukapanda, kisigino kikashuka mahali pake. Tundu lilikuwa dogo, halikuhitaji hata kushonwa. Mtoto alilia kwa hasira ya kushikwa, akanyamaza kabla ya baba yake, ambaye alikuwa amekaa chini sakafuni na kichwa kati ya magoti.

"Bado wa kushoto," alisema Daktari.

"Endeleeni," alisema Jilala kutoka sakafuni.

Plasta ya mwisho ilikaa wiki tatu. Siku ya kuivua, Klara alipita na kapu la mashuka, akasimama mlangoni. Hakuna aliyemwita. Deus aliufuta mguu wa mtoto, akaushika, akamwonyesha: kisigino kimenyooka, unyayo bapa, unapanda na kushuka. Klara aliingia, akaugusa kwa kidole kimoja, akatoka. Mashuka aliyoyaacha yalikuwa yamepigwa pasi, ila moja.

Viatu vilibaki. Mjomba wa Daktari, Vipul, mwenye duka la viatu, alitoa jozi ndogo ngumu zilizofunika kifundo. Mchomeleaji mmoja akavifunga kwenye kipande cha chuma chenye upana wa mabega ya mtoto, vikitazama nje. "Miezi mitatu ya kwanza anavaa mchana na usiku," alisema Daktari Mamta. "Mnavua saa moja ya kuoga tu. Kisha kila akilala, mpaka afike miaka mitatu, minne. Plasta ni kazi yetu, hii ni kazi yenu. Wengi wanashindwa hapa, kwa sababu mguu unaonekana umepona."

"Umepona," alisema Jilala.

"Ndiyo maana nasema."

Wakarudi Nyarugusu. Siku ya kuja kupimwa, Februari, hawakuonekana. Wala wiki iliyofuata. Deus alisema pengine ni barabara. Kisha akaomba likizo ya siku nne, akatia bandeji za jasi ndani ya mfuko wa nailoni, akapanda lori.

Alifika siku ya pili, matope mpaka magotini. Kila duka lilikuwa na mizani na kila mtu alikuwa na shauri. Aliuliza nyumba ya Jilala wa duara la Mwagimagi, akaonyeshwa. Mbuke alikuwa akiosha sufuria. Bujiku alikuwa amelala mkekani, miguu mitupu, anapiga mateke.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mbuke, akatazama chini.

"Marahaba, Mama Bujiku. Viatu viko wapi?"

Mama mkwe wake ndiye aliyejibu, kutoka ndani. "Viko juu ya dari. Mtoto alilia siku tatu. Mtoto mzima anafungwa pingu za nini?"

Deus alichuchumaa mkekani, akaishika miguu. Wa kushoto ulikuwa mzuri. Wa kulia, mbele ilikuwa imeanza kurudi ndani, kidogo tu, kiasi ambacho mama angesema mtoto amelala vibaya. Alipoupandisha juu ulikaza mapema.

Jilala aliitwa kutoka shimoni, akaja na vumbi jeupe mpaka kope. Alimtazama Deus, mfuko wake, na mguu alioushika.

"Umerudi," alisema. Hakuwa anamsalimia Deus. Alikuwa anausema mguu.

"Umeanza. Haujarudi."

"Tumekosea."

"Mimi nilikosea miaka ishirini," alisema Deus. "Nyinyi mmekosea wiki tano. Nileteeni maji ya vuguvugu."

Akaufunga palepale, juu ya meza ya kuuzia nyanya. Jilala alishika goti pembe mraba, hakuyumba, na mara moja tu aliuliza, "Kidole chako kiko pale?" Deus akamwonyesha. Jilala akagusa, akakipata kinundu, akatikisa kichwa kukubali. Mama yake alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho, kisha akapanda kwenye kigoda, akavishusha viatu juu ya dari, akavipangusa buibui kwa khanga yake.

Mbuke na mtoto waliondoka na Deus kurudi Ngokolo kwa plasta mbili zaidi, na baada ya hapo viatu havikupanda darini tena. Bujiku alilia siku tatu, siku ya nne akagundua kwamba chuma kile ukikipiga ukutani kinatoa sauti, na kuanzia hapo wasioweza kulala walikuwa majirani.

Januari ya 1999 walikuja wote watatu. Bujiku alikuwa na mwaka na miezi mitatu. Daktari Mamta alimsimamisha katikati ya korido, akarudi nyuma hatua nne, akamwita. Mtoto alimtazama, akamgeuzia mgongo, akatembea kuelekea upande wa dobi, nyayo bapa, bila haraka.

"Hasikii," alisema Jilala, kwa aibu.

"Anasikia," alisema Deus, akaandika tarehe ya kurudi.